Dakika tano, habari nne: kuandika taarifa ya habari kwa ajili ya sikio

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya waandishi na watangazaji wa redio za jamii kutoka mikoa ya pwani ya kusini. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao zamu ziliwazuia kuja.)

Ndugu zangu waandishi, ndugu watangazaji, wahariri wenzangu, na ninyi vijana wa kujitolea mliokuja na mabasi ya alfajiri: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie taarifa ya habari ya dakika tano yenye habari nne. Sitazungumzia redio kwa jumla. Nataka tukae mezani pamoja, ninyi na mimi, tuandike taarifa moja ya saa moja usiku tangu karatasi zinapoingia chumba cha habari mpaka msomaji anapofungua kinywa.

Tuchukue siku ya Ijumaa, Mei 3, 2024. Wengi wenu mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kilikuwa baharini kinasogea upande wetu, na kesho yake kikafika eneo la Mafia. Hiyo ni habari ya kweli. Mambo ya wilayani na habari nyingine tatu nitakazozitaja nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ila nyote mtaona zinafanana na zile mnazoletewa kila siku.

Saa kumi jioni mhariri ana karatasi nne. Ya kwanza, yenye nembo na muhuri, inasema mkuu wa wilaya amefungua semina ya maofisa ugani wa korosho. Ya pili inatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ya tatu inasema maji ya bomba yatakatika mjini kesho na keshokutwa kwa sababu ya matengenezo. Ya nne ni fainali ya mpira ya shule za sekondari, iliyokuwa ichezwe kesho, ambayo imeahirishwa.

Sasa niulize: kabla ya kuandika neno hata moja, mna nafasi kiasi gani? Dakika tano ni sekunde mia tatu. Mlio wa utambulisho na salamu vinachukua kumi na tano. Muhtasari wa mwanzo, thelathini. Sauti moja ya mtu wa nje, ishirini na tano. Kurudia vichwa vya habari na kuaga, ishirini. Toa zote hizo. Zinabaki sekunde mia mbili na kumi za kusoma habari nne. Dakika tatu na nusu.

Na dakika tatu na nusu ni maneno mangapi? Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia, anayepumua kwenye nukta, husoma maneno kama mia na kumi kwa dakika. Maneno yetu ni marefu: “watakapowasilisha” kwa macho ni neno moja, kwa mdomo ni silabi nane. Kwa hiyo mna maneno chini kidogo ya mia nne kwa habari zote. Karatasi ile ya semina peke yake, ukiisoma kama ilivyo, inayamaliza yote.

Msichukue hesabu yangu kama msahafu. Kila msomaji asome ukurasa mmoja wa habari kwa sauti, akitazama saa, ahesabu maneno, apate kasi yake. Nilipita redio moja ambako wasomaji wawili walikuwa wanapishana sana kwa skripti ileile: dada alikuwa anamaliza kwa dakika tano kamili, kaka anamaliza kwa nne na kitu, halafu anajaza muziki. Mhariri wao alikuwa anawaandikia wote kipimo kimoja. Akabandika ukutani kasi ya kila mmoja, na tangu hapo anaandika akijua nani yuko zamu.

Sekunde tunazigawa hivi: habari ya kwanza themanini, ya pili sitini, ya tatu arobaini na tano, ya nne ishirini na tano. Mmeona kwamba hazilingani? Mpangilio wa umuhimu unaonekana pia kwenye urefu. Msikilizaji hana ukurasa wa mbele wa gazeti wenye herufi kubwa na ndogo. Anachokijua ni nini kimetangulia na nini kimechukua muda.

Tuje kwenye mpangilio. Ni ipi ya kwanza?

Najua mnachofikiria, maana mmekizoea: mkuu wa wilaya. Karatasi ina muhuri. Dereva wake ndiye aliyeileta. Lakini ndugu zangu, kufungua semina ni ratiba ya kiongozi, na msikilizaji hana la kufanya nayo. Mimi kila karatasi ninaihoji hivi: watu wangapi wanaotusikiliza inawagusa? Inawagusa lini, usiku huu au mwezi ujao? Na asiyeisikia atapoteza nini?

Kimbunga kinajibu maswali yote matatu. Kinagusa wilaya nzima, kinagusa usiku huu, na asiyekisikia anaweza kupoteza maisha. Hapo hatubishani.

Ubishi uko kwenye ya pili. Kwenye ukurasa wa tatu wa hotuba ya semina, chini kabisa, kuna sentensi moja: ugawaji wa salfa kwa wakulima wa korosho utaanza wiki ijayo, na mkulima aende na namba yake ya usajili. Jamani! Hiyo ndiyo habari. Semina ni bahasha tu. Wakulima wa korosho ndio wengi katika wasikilizaji wetu, na salfa ikichelewa ubwiriunga unakula maua, zao limekwenda. Kwa nini basi nisiiweke ya pili, juu ya maji?

Nimeipeleka ya tatu, na sababu yangu ni muda. Mkulima akisikia leo au Jumapili, bado ataiwahi salfa. Mama wa mjini asipojua usiku huu kwamba maji yanakatika asubuhi, hana tena nafasi ya kujaza ndoo. Tena maji yanafuatana vizuri na kimbunga: watu watakaojifungia ndani kwa dhoruba wanahitaji maji ndani. Mwenzenu anayetangaza kwenye mji mdogo wenye visima, ambako bomba linawahusu wachache, angepanga salfa kwanza na mimi ningemuunga mkono. Mpangilio unafuata watu wanaokusikiliza wewe.

Mpira wa nne. Hata hivyo, unabeba taarifa ya kufanyia kazi: wazazi wasipeleke watoto uwanjani kesho. Kwa hiyo hauondoki mpaka ulazimike kuondoka.

Na ofisi ikipiga simu kuuliza kwa nini mheshimiwa amekuwa wa tatu? Mweleze kwamba tangazo lake la salfa limesomwa kwa sekunde arobaini na tano, na wakulima wamelisikia. Semina ingesomwa wangeendelea kula ugali wao. Mara nyingi jibu hilo linatosha. Lisipotosha, mhariri ndiye wa kulibeba, msimwachie msomaji.

Sasa sikio. Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo taarifa nyingi zinapokufia.

Hebu sikilizeni sentensi hii. Nimeitunga kwa mtindo tunaoufahamu sote: “Kufuatia kuimarika kwa mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwepo katika Bahari ya Hindi mashariki mwa pwani ya Mtwara ambao umefikia hadhi ya kimbunga kamili kilichopewa jina la Hidaya, wananchi wa maeneo ambayo yametajwa kuwa yanaweza kuathirika wameelezwa kutofanya shughuli za baharini.”

Nani amekumbuka mwanzo wake? Kwenye karatasi jicho linarudi nyuma. Sikio halirudi. Msikilizaji amengoja sentensi nzima ndipo ajue anaambiwa nini, na alipofika, jambo lenyewe limeshikwa na silabi moja katikati ya neno: “ku-to-fanya”.

Silabi hiyo nina kisa chake. Nilikuwa sehemu wanaposhusha samaki, asubuhi yenye upepo. Nahodha mmoja na mabaharia wake walikuwa wanabishana. Redio yao ndogo ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya boti, mashine inaunguruma. Taarifa ilikuwa imesema boti hazitatoka. Mmoja amesikia “hazitatoka”, wawili wamesikia “zitatoka”. Mashine imemeza “ha”. Na aliyesoma alikuwa amesoma vizuri, sauti safi, studio imetulia! Kosa lilikuwa kwenye skripti, iliyoweka uhai wa watu kwenye silabi moja ya mwanzo wa neno.

Kwa hiyo, amri ya kuzuia jambo msiiandike kwa “ha” wala kwa “to”. Iandikeni kwa neno zito linalosimama lenyewe: ni marufuku, imepigwa marufuku, zimesitishwa, bakini nchi kavu. Hata nusu yake ikipotea, iliyobaki haigeuki kuwa kinyume.

Ziko hatari nyingine za namna hiyo. Thelathini na themanini kwenye redio yenye mikwaruzo ni ndugu. Sita na saba ni ndugu. Milioni na bilioni ni pacha. Jumatatu na Jumatano wanatofautiana mwishoni, mahali ambapo msomaji anashusha sauti. Dawa yake ni kuipa namba fimbo ya kuegemea. Kama ni kaya themanini, sema kaya themanini, karibu mia. Kama ni Jumatatu, sema keshokutwa ikiwa inafaa, au sema Jumatatu, mara tu baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Na namba ikiwa haimsaidii mtu, iondoke.

Na usiku wa Ijumaa je? Hapa pwani mzee wangu akisema usiku wa Ijumaa anataja usiku wa jana, ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kijana wa chuo anataja usiku wa leo. Taarifa ya kimbunga inayosema “usiku wa Ijumaa” imewagawa wasikilizaji mafungu mawili. Andikeni “usiku huu, kuamkia kesho Jumamosi”. Karatasi ikisema saa 18:00, ninyi andikeni saa kumi na mbili jioni.

Basi tuiandike habari ya kwanza. Nasoma taratibu:

“Wavuvi na wasafiri wa baharini wamepigwa marufuku kutoka usiku huu. Amri hiyo imetolewa na kamati ya maafa ya wilaya, baada ya kimbunga Hidaya kuzidi kusogelea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inasema kimbunga hicho kinakuja na upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi makubwa. Pwani yote, kuanzia Mtwara hadi Tanga, imo katika tahadhari. Visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba vimo pia. Kamati ya maafa inawataka wanaoishi karibu na maji wahame usiku huu, kuamkia kesho Jumamosi. Shule ya msingi iliyo jirani na soko imefunguliwa kwa ajili yao. Mwenyekiti wa wavuvi anasema kazi ya kuvuta mashua juu imeanza tangu mchana.”

Hapo inaingia sauti ya mwenyekiti, sekunde ishirini na tano. Kisha sentensi ya mwisho: “Wakati huohuo, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zimesitishwa.”

Tuitazame. Kwa nini nimeanza na “wavuvi na wasafiri wa baharini”? Kwa sababu maneno matatu ya mwanzo hupotea. Mtu anakoroga mboga, mwingine anahesabu chenji. Akisikia kundi lake limetajwa anainua kichwa, na jambo lenyewe linamkuta anasikiliza. Ningeanza na “Hidaya” jina lingepotea bure.

Mnaona pia kwamba mgandamizo mdogo wa hewa haumo. Ni istilahi sahihi ya wataalamu, ila mvuvi anataka kujua matokeo yake: upepo, mvua, mawimbi. Orodha ya mikoa nayo nimeikunja. Tahadhari ilitaja Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, Tanga na hata Morogoro, pamoja na visiwa. Sikio likipewa majina saba mfululizo linashika la kwanza na la mwisho. “Kuanzia Mtwara hadi Tanga” msikilizaji anaichora kichwani mara moja. Morogoro nimeiacha kwa makusudi, maana hawatusikilizi. Redio ya Morogoro ingefanya kinyume.

Na aliyesema anatangulia alichosema. “Kamati ya maafa inawataka”, “Mamlaka inasema”, “Mwenyekiti anasema”. Yale “imeelezwa kuwa” na “imebainika kwamba” yaacheni, maana msikilizaji anauliza: na nani? Usiku wa kimbunga anataka kujua kama ni serikali au ni jirani. Tena Kiswahili chetu kinatumia “a” ileile kwa kila mtu. Ukiwa na mkuu wa wilaya na mwenyekiti katika habari moja, ukaandika “amesema ataongea naye”, nani ataongea na nani? Rudieni cheo.

Kuhusu sauti, mambo mawili tu. Utangulizi wake usiseme maneno yaleyale anayoanza nayo mzungumzaji, maana hewani yatasikika kama mwangwi. Na chini ya neno SAUTI andikeni sentensi moja ya akiba, yenye maana ya alichosema. Kompyuta ikigoma, msomaji anaisoma na kusonga mbele, hakuna atakayejua. Nimewahi kusikia sekunde kumi za kimya baada ya “msikilize hapa”. Sekunde kumi za kimya redioni watu wanaanza kugonga betri.

Habari tatu zilizobaki nazipitia haraka, mtaziandika wenyewe mchana. Ya maji ianze na mji na lini, kisha bomba litarudi lini, kisha sababu. Ya salfa ianze na wakulima wa korosho. Mkuu wa wilaya anatajwa kama aliyetangaza, na semina inapata maneno matano mwishoni au haipati kitu. Ya mpira ni sentensi tatu: fainali imeahirishwa, ni kwa sababu ya hali ya hewa, tarehe mpya itatangazwa.

Muhtasari mnauandika mwisho, baada ya habari zote, kwa mpangilio uleule. Ukiuandika mwanzo utaahidi kitu ambacho habari yenyewe haina.

Sasa karatasi. Kila habari iwe na karatasi yake, upande mmoja, herufi kubwa, mistari yenye nafasi. Sentensi isivuke kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Namba ziandikwe kwa maneno. Vifupisho viandikwe kama vitakavyotamkwa. Msibane kwa pini, maana mlio wa karatasi kugeuzwa unasikika, na zaidi ya hapo, mtashindwa kuchomoa.

Kwa nini mchomoe? Kwa sababu saa kumi na mbili na dakika hamsini simu italia. Tuseme kamati ya maafa imeongeza shule ya pili. Hiyo ni sentensi mbili mpya, sekunde kumi na tano. Zitatoka wapi? Hamkimbizi usomaji. Mnakata kutoka chini: mpira unabaki sentensi moja ndani ya muhtasari wa mwisho, karatasi yake inatoka. Na ili ukataji huo uwezekane hata ndani ya habari moja, sentensi ya mwisho ya kila habari iwe ile inayoweza kuondoka bila kuacha jeraha. Angalieni ya kimbunga: boti za Dar na Unguja nimeziweka mwisho kwa sababu msikilizaji wetu wa huku hapandi boti hizo usiku huu. Shule ningeiweka mwisho, mhariri mwenye haraka angeikata, na familia zingelala penye maji.

Siku chache baadaye mambo yaligeuka. Upepo ulipita, mvua ikaendelea, na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Kimbunga chenyewe kilikuwa kimeshaisha nguvu. Nani angeanza taarifa na Hidaya siku ile? Habari ya kwanza ilikuwa barabara: mabasi yamekwama, malori ya chakula yamekwama, wagonjwa wa rufaa hawapiti. Jina la kimbunga linashuka sentensi ya pili, kama sababu. Nimeona redio zikiendelea kuanza na jina kubwa kwa siku kadhaa kwa sababu lilikuwa limezoeleka, huku abiria wakipiga simu studio kuuliza kama njia inapitika. Simu za namna hiyo zikizidi, jueni habari yenu ya kwanza imekaa mahali pasipo pake.

Karatasi nne za zoezi ziko mezani kwenu, pamoja na muhuri wa semina. Gawanyikeni watatu watatu: mmoja mhariri, mmoja mwandishi, mmoja msomaji. Msomaji asome skripti yote kwa sauti kabla haijakamilika, na kila anapokwama ulimi hapo pabadilishwe. Kisha mmoja asimame nje ya dirisha, ampe mgongo msomaji, asikilize mara moja tu, aje atuambie amesikia habari gani nne na kwa mpangilio gani. Saa nane kamili tunaanza kusoma, na saa ya ukutani itakuwa mbele yenu.